Shairi la Mazingira Lililogoma: Kutafuta Kosa Katika Mizani, Kituo na Vina

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, jirani yangu hapa Tabata, aliniletea daftari la Kiswahili lenye ubeti mmoja uliozungushiwa kalamu nyekundu na neno moja pembeni: "Arudhi!", yaani kanuni za utunzi. Swali lilikuwa limemtaka atunge shairi la kimapokeo kuhusu utunzaji wa mazingira, lenye beti tano, kila ubeti mishororo minne, kila mshororo mizani, yaani silabi, kumi na sita zilizogawanywa nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho visibadilike tangu ubeti wa kwanza hadi wa tano, na kituo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti, kijirudie. Shairi ambalo vina vyake havibadiliki hivyo huitwa mtiririko. Ubeti wake ulikuwa huu:

Mazingira ni muhimu, tuyatunze duniani,
Mtaro wetu una sumu, maji yamejaa njiani,
Tuwape wote salamu, wanaoishi mtaani,
Tutunze mazingira yetu, tuishi kwa amani.

Ukiusoma haraka unaonekana mzima. Vina vya -mu na -ni vipo katika mishororo mitatu ya mwanzo na kituo kipo. Hata hivyo ubeti huu na shairi lililoufuata vina maradhi matano tofauti, na nitayachukua kwa mpangilio niliomwonyesha yeye, kuanzia lile linaloonekana kwa urahisi.

Dalili ya kwanza: umehesabu nane, msahihishaji amehesabu tisa

"Mwalimu, mbona nimehesabu nane?" aliniuliza kuhusu "Mtaro wetu una sumu". Nikamwambia, "Hesabu tena, mwanangu, ila safari hii gonga meza kwa kidole kila sauti inapotoka." Akagonga: mta-ro-we-tu-u-na-su-mu. Alikuwa amehesabu "mta" kuwa mizani moja.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu macho huona irabu tu na kuipita m iliyosimama peke yake. "Mtaro" una mizani tatu: m-ta-ro. Kipimo rahisi ni kuligeuza neno kutoka umoja kwenda wingi. Kama m inaondoka na nafasi yake inachukuliwa na mi au wa, na mbele yake hakuna w, basi m hiyo ina mizani yake: mtaro na mitaro, mtaa na mitaa, mvuvi na wavuvi. Kama neno halibadiliki, m au n hiyo kwa kawaida imeungana na konsonanti inayofuata na haihesabiwi peke yake, kama ilivyo katika mbegu, mbuga na ndege, ambayo yote ni mizani mbili mbili. Yapo maneno mafupi yanayokiuka kipimo hiki, nayo yanafaa kukaririwa tu: mbu, nchi na nne, kila moja mizani mbili. Tena m inaweza kusimama katikati ya neno: "teremka" ni te-re-m-ka, mizani nne.

Kosa la pili la namna hiyo hiyo lipo katika "maji yamejaa njiani". Mtoto alisoma "yameja", kama tunavyosema tukiwa na haraka, akapata nane. Lakini irabu mbili zilizofuatana ni mizani mbili, hata kama ni irabu ile ile: ya-me-ja-a. Kipande hicho kina mizani tisa. Mshororo wa tatu nao unaangukia hapo hapo. "Wanaoishi" peke yake ni mizani tano, na "mtaani" ni mizani nne, kwa hiyo utao, yaani kipande cha pili cha mshororo, una tisa.

Maneno ya kigeni yanahitaji uangalifu zaidi, na katika mada ya mazingira neno linalosumbua ni "plastiki". Wapo wanaolihesabu pla-sti-ki, mizani tatu, na wapo wanaoitenga s wakapata nne. Badala ya kubishana na msahihishaji, mimi humshauri mwanafunzi aliache. Mifuko ile sisi wa Dar es Salaam tuliiita rambo, na ra-mbo ni mizani mbili bila ubishi. Ila ukiitaja, kumbuka kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Tanzania kuanzia tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo mshororo unaosema kila mtu anatoka sokoni na rambo mkononi utasomeka kama habari ya zamani. Chupa za maji hazina tatizo hilo: "chupa" ni mizani mbili, na mitaro yetu bado imejaa hizo.

Dalili ya pili: jumla ni kumi na sita, lakini mshororo unachechemea

Kituo chake, "Tutunze mazingira yetu, tuishi kwa amani", kilimshangaza kuliko vyote, kwa sababu safari hii alihesabu sawasawa na jumla ni kumi na sita kweli. Kosa liko mahali pa mkato. Tu-tu-nze-ma-zi-ngi-ra-ye-tu ni tisa, na tu-i-shi-kwa-a-ma-ni ni saba. Tisa na saba hujumlisha kumi na sita kama nane na nane, lakini anayeimba atafika kwenye mizani ya nane akiwa katikati ya neno "yetu" na atalazimika ama kulikata ama kulimeza.

Anayehesabu mshororo mzima kwa pamoja hawezi kuliona kosa hili. Hesabu kila kipande peke yake, andika nane pembeni ya ukwapi, yaani kipande cha kwanza, kisha anza upya kutoka moja kwa utao. Mimi huwataka wanafunzi wachore mstari wima katikati ya ukurasa na kuandika ukwapi upande wa kushoto na utao upande wa kulia, kwa sababu ukurasa uliogawanyika hauruhusu kukopa mizani upande mmoja na kuilipa upande wa pili.

Tiba ya kituo hiki haikuwa kukipunguza hapa na kukiongeza pale. Kituo kinarudi mara tano, na maneno yanayorudi mara tano yanapaswa kuwa na kitu ndani yake. Nilimuuliza mtaro anaouzungumzia uko wapi, akasema mbele ya nyumba yao, na kwamba watu huutupia taka usiku. Nikamwuliza angemwambia nini mtu anayetupa. Akajibu bila kufikiri, "Ningemwambia mtaro siyo jalala." Tukagonga meza: m-ta-ro-si-yo-ja-la-la. Nane. Mara nyingi kituo kizuri kiko mdomoni mwa mtu kabla hajashika kalamu. Utao ulikuja kama "tuyaache maji yaende", ambao una mizani tisa kwa sababu ya ya-e-nde. Hapo tulitumia ruhusa ambayo watunzi wa kimapokeo wanayo, ile ya kulifupisha neno ili lienee, inayoitwa inkisari, na "yaende" likawa "yende":

Mtaro siyo jalala, tuyaache maji yende.

Vina vya kituo hiki havifanani na vya mishororo mingine, na hilo linakubalika katika kituo kinachojirudia bila kubadilika. Inkisari nayo ina mpaka wake. Moja katika shairi la beti tano ni ruhusa, lakini zikifika tano msahihishaji ataona mtu asiyejua kuhesabu.

Dalili ya tatu: vina vimetimia, mada imepotea

Huu ndio ugonjwa mkubwa. Rudi kwenye mshororo wa tatu wa ubeti wake: "Tuwape wote salamu". Salamu zinahusianaje na mtaro uliojaa sumu? Nilipomwuliza alicheka, akakiri kwamba alihitaji neno linaloishia na -mu. Nikamwomba anionyeshe rasimu ya ubeti wa pili na wa tatu. Mlikuwa na damu, karamu, zamu na hukumu. Shairi lilikuwa limeondoka mtaroni likaenda harusini na mahakamani, na kila mara kilicholipeleka huko kilikuwa kina.

Chanzo ni mshororo wa kwanza. Aliandika "Mazingira ni muhimu" kwa sababu ndiyo sentensi ya kwanza inayomjia kila mtu aliyepewa mada hii, na bila kujua akawa amejifunga -mu kwa shairi zima. Sasa fanya hesabu. Mtiririko wa beti tano wenye kituo kinachojirudia una mishororo kumi na mitano inayohitaji kina, yaani mitatu katika kila ubeti. Unahitaji maneno kumi na matano ya kina cha kati, na mengine kumi na matano ya kina cha mwisho, na neno likirudiwa shairi linapungua nguvu. Maneno ya -mu yanayohusu mazingira kwa kweli ni machache: sumu, binadamu, pengine elimu na dumu. Baada ya hapo ni lazima uende karamuni.

Kwa hiyo kina hakichaguliwi kutokana na mshororo wa kwanza. Kabla ya kutunga chochote, andika vitu na matukio unayotaka yawemo, kisha uangalie miisho yake. Tulifanya hivyo kwenye karatasi. Aliorodhesha aliyoyaona kwa macho yake: taka, chupa, masika, maji kufurika, matope, mto kuchafuka, mikoko, koleo, mkondo kuzibuka. Silabi iliyojirudia ilijionyesha yenyewe, -ka: taka, masika, furika, chafuka, teremka, zibuka, dhurika, fika, kusanyika, shika. Kumi bila jasho, zote zikiwa ndani ya mada. Kwa kina cha mwisho tulibaki na -ni, ambacho ni rahisi mno kwa kuwa karibu nomino yoyote hukipata ikigeuzwa kuwa ya mahali: mtaroni, barazani, majumbani, mkononi. Mimi si mpenzi wa -ni, kwani humfanya mtunzi kuwa mvivu, lakini kwa shairi linalofuata maji kutoka mahali hadi mahali kilitufaa.

Ubeti wa kwanza ukawa hivi:

Usiku twatupa taka, kwa kificho mtaroni,
Chupa zikakusanyika, zikaziba toka chini,
Nayo maji ya masika, yakarudi barazani,
Mtaro siyo jalala, tuyaache maji yende.

Hesabu mwenyewe na utapata nane kila upande. Lakini angalia jambo lililo kubwa kuliko hesabu, kwamba sasa mishororo inasukumana. Taka zinatupwa, chupa zinaziba, maji yanarudi, na kituo kinapofika kinakuwa jibu la kilichotangulia.

Kina cha -ka nacho kina hatari yake, na ni vizuri kuijua mapema. Vitenzi vingi vinavyoishia hivyo vinaeleza jambo lililotokea bila kumtaja aliyelitenda. Ukisema "taka zimetupika" au "mto umechafuka", mkosaji ameponyoka. Shairi la mazingira lenye vitenzi kumi na vitano vya namna hiyo litasomeka kama kwamba Dar es Salaam inajichafua yenyewe. Ndiyo maana katika mshororo wa kwanza kitenzi "twatupa" kimewekwa katikati ya ukwapi, mahali ambapo kina hakikifikii, na nomino "taka" ndiyo iliyopewa kazi ya kina. Mtendaji akitajwa mara moja mwanzoni mwa ubeti, vitenzi visivyo na mtendaji vinavyofuata vitamwangukia yeye.

Dalili ya nne: kina kinaonekana sawa kwenye karatasi tu

Alipofika kwenye mikoko alifurahi kwamba amepata "mkaa", akaandika "Mikoko yakatwa mkaa". Macho yanaona ka, lakini kina ni silabi ya mwisho, na silabi ya mwisho ya m-ka-a ni a peke yake. Haiwezi kukaa na taka wala masika. Kwa njia hiyo hiyo "njia" haina kina kimoja na "kuwa" wala "haya", ingawa zote zinaishia na irabu a, na "mchanga" wenye -nga hauendi na "mwaga" wenye -ga. Wanaochanganya l na r katika mazungumzo nao wajichunge, kwa maana "kula" na "kura" huonekana vina safi sikioni mwao na makosa machoni pa msahihishaji.

Kipande kile kilikuwa pia na mizani tisa. Badala ya kulitupa neno, tulilihamisha kutoka kwenye kiti cha kina:

Mikoko inakatika, makaa yawe jikoni.

Makaa bado yamo, ila sasa hayabebi mzigo yasiouweza.

Dalili ya tano: beti tano, wazo moja

Hii haihitaji maneno mengi. Ukiweza kubadilishana ubeti wa pili na wa nne na shairi lisipoteze chochote, basi unao ubeti mmoja uliouandika mara tano. Kwetu tiba ilikuwa kuyafuata maji. Ubeti wa kwanza uko mtaroni, wa pili uko ndani ya nyumba wakati wa masika, wa tatu uko kwenye Mto Msimbazi, wa nne uko kwenye mikoko mto unapoingia baharini karibu na Daraja la Salenda, na wa tano unarudi mtaani na koleo mkononi. Kila ubeti ukapata mahali pake, na kina cha -ni kikapata sababu ya kuwepo.

Majina ya mahali, hata hivyo, hayapunguziki wala hayaongezeki, na ndiyo yaliyotuchelewesha katika ubeti wa tatu. "Msimbazi wachafuka" ulitoka mara moja kwa mizani nane. Utao wake, "ukipita Jangwani", ulikuwa na saba. Mwanafunzi akaongeza "pale", ukawa "ukipita pale Jangwani", wenye tisa. Jina la mahali likikataa, usiliguse, badili kitenzi kilicho jirani yake. "Ukishapita" una mizani tano pale ambapo "ukipita" una nne, na maana inabaki karibu ile ile:

Msimbazi wachafuka, ukishapita Jangwani,
Barabara yafurika, magari yako foleni,
Tope zikiteremka, zaingia majumbani,
Mtaro siyo jalala, tuyaache maji yende.

Utaona pia kwamba tumeandika "wachafuka" na "yafurika" pale ambapo katika mazungumzo tungesema "unachafuka" na "inafurika". Wakati huo wa -a- hupunguza mizani moja katika kila kitenzi bila kuvunja sarufi, kwa hiyo ni vyema kuutumia kabla ya kukimbilia inkisari.

Ubeti wa tano ulikuwa na shida yake pekee. Vitenzi vingi vya -ka havitoi amri, na huu ndio ubeti wa kuambiana la kufanya. Tulitoka kwa kuziweka amri na kazi upande wa utao, kisha ukwapi tukauachia wakati na hali, kwa kutumia ki ya masharti:

Jumamosi ikifika, tukutane mtaani,
Koleo tukizishika, reki pia mkononi,
Mkondo ukizibuka, maji yatashuka pwani,
Mtaro siyo jalala, tuyaache maji yende.

Ubeti wa pili, na mishororo miwili iliyobaki katika wa nne, nilimwachia yeye na ukurasa wenye mstari wima katikati. Kesho yake jioni alirudi na "wazazi wahangaika, godoro liko mezani", akigonga meza yangu mwenyewe kuthibitisha kwamba kila kipande kina mizani nane.